Kijiti Mchangani: Kusoma Mwelekeo Mkuu wa Soko la Hisa kwa Njia ya Charles Dow

Jumatano ya tarehe 21 Novemba 2007, mkesha wa sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, soko la hisa la New York lilifungwa huku wastani wa viwanda wa Dow Jones ukiwa pointi 12,799.04. Kwa watu wengi ilikuwa siku nyingine mbaya katika msimu uliojaa habari za mikopo ya nyumba isiyolipika. Lakini walikuwapo wasomaji wachache waliofungua madaftari yao jioni ile, wakaitafuta namba waliyoiandika tarehe 16 Agosti, 12,845.78, wakaona kwamba ya leo imeshuka chini yake. Tofauti yenyewe ilikuwa pointi 46 na ushei tu. Kwa wasomaji hao, pointi hizo 46 zilitosha kusema kwamba soko lililokuwa likipanda kwa miaka limegeuka na sasa linashuka.

Kisa hicho cha 2007 ndicho nitakachokifuata, kwa sababu kinaonyesha nadharia ya Dow ikifanya kazi hatua kwa hatua, na pia kinaonyesha gharama yake. Nadharia hii ina kanuni kadhaa, lakini zinazomfaa msomaji wa kawaida ni mbili: kutofautisha mwelekeo mkuu wa soko na mwelekeo wa pili, na kuwasikiliza mashahidi wawili kabla ya kuamini jambo. Ukizishika hizo, yaliyobaki ni nyongeza.

Charles Dow alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 1882 yeye na wenzake wawili, Edward Jones na Charles Bergstresser, walianzisha kampuni ya Dow Jones ya kuuza habari za biashara mjini New York, na mwaka 1889 wakaanza kuchapisha gazeti la Wall Street Journal. Tatizo lililomsumbua Dow ni lile linalomsumbua hata leo mtu anayesoma orodha ya bei za hisa: hii imepanda, ile imeshuka, ya tatu imelala palepale. Je, soko lenyewe linakwenda wapi? Jibu lake lilikuwa rahisi kama hesabu ya darasani. Alichukua bei za kufungia za kampuni chache kubwa, akazijumlisha, akagawanya kwa idadi yake, akapata wastani mmoja. Tarehe 26 Mei 1896 alitoa wastani wa viwanda wa kampuni 12, na siku hiyo ulikuwa 40.94. Mwaka huohuo kukawa na wastani wa pili, wa kampuni 20 za reli.

Dow hakuandika kitabu wala hakuiita kazi yake nadharia. Aliandika tahariri tu, moja baada ya nyingine, hadi alipofariki mwaka 1902 akiwa na miaka 51. Jina la nadharia lilitolewa na wengine, na kanuni tunazozisoma leo zilipangwa na watu wawili waliomfuata: William Peter Hamilton, mhariri wa gazeti hilohilo, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1922, na Robert Rhea, mgonjwa aliyekuwa akifanya kazi yake kitandani, aliyechapisha chake mwaka 1932. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Dow alisema hivi au vile, muulize kama ni Dow kweli au ni Rhea.

Maji, mawimbi na viwimbi

Katika tahariri moja ya mwaka 1901, Dow alitumia mfano wa bahari. Alimfikiria mtu aliyesimama ufukweni akitaka kujua maji ya kujaa yatafika wapi. Mtu huyo anachomeka kijiti mchangani mahali wimbi lilipofika. Wimbi jingine likipita kijiti, anakihamisha mbele. Anaendelea hivyo mpaka mawimbi yashindwe kukifikia kijiti na yaanze kurudi nyuma; hapo anajua maji yamegeuka.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Anajua kwamba maji yakiwa yanajaa, mawimbi hayaachi kurudi nyuma. Kila wimbi linakuja na kurudi, na mtoto anayeona wimbi likirudi anaweza kudhani maji yanapwa. Anajua pia kwamba juu ya wimbi kuna viwimbi vinavyotokana na upepo tu, visivyosema lolote kuhusu kujaa wala kupwa. Na kipimo cha kupwa anakijua: hasemi maji yanapwa kwa sababu wimbi moja limerudi, anasema hivyo mawimbi yanayokuja yanapoanza kufika pafupi kuliko yale yaliyotangulia.

Katika soko, kujaa na kupwa ndio mwelekeo mkuu. Huu huchukua mwaka au zaidi, mara nyingi miaka kadhaa. Wimbi ndilo mwelekeo wa pili: mwendo wa kwenda kinyume na mwelekeo mkuu, ambao kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, na hurudisha kati ya theluthi moja na theluthi mbili za njia iliyopitwa tangu mwelekeo wa pili uliotangulia ulipokwisha. Viwimbi ni kupanda na kushuka kwa siku hadi siku. Rhea aliwaonya wasomaji wake kwamba hivyo vya mwisho havina maana yoyote vikichukuliwa peke yake, na vinaweza hata kutengenezwa na wachezaji wachache wenye fedha. Mwelekeo mkuu ndio usioweza kutengenezwa.

Kijiti cha mchangani katika daftari lako ni namba mbili. Ya kwanza ni kilele: bei ya juu kabisa iliyofikiwa kabla ya mwelekeo wa pili kuanza. Ya pili ni bonde: bei ya chini kabisa iliyofikiwa wakati wa mwelekeo huo wa pili. Soko likiwa linapanda, kila kilele kipya hukipita cha nyuma na kila bonde jipya hubaki juu ya lile la nyuma. Siku soko litakaposhindwa kukipita kilele, kisha likaanguka chini ya bonde, maji yamekiacha kijiti.

Kuna kanuni ndogo hapa ambayo wengi huiruka, nayo ni kwamba kinachohesabiwa ni bei ya kufungia tu. Chukua hiyo hiyo tarehe 16 Agosti 2007. Katikati ya siku wastani wa viwanda ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya pointi 300, na kama ungechomeka kijiti saa hiyo ungekichomeka mbali sana. Lakini kabla ya kengele ya mwisho karibu hasara yote ilirudishwa, na siku ikafungwa kwa upungufu wa pointi 16 hivi. Bonde la kuandikwa ni 12,845.78. Sababu ya kanuni hii ni kwamba bei ya kufungia ndiyo bei ambayo watu wamekubali kulala nayo, wakati bei ya mchana inaweza kuwa ya mtu mmoja mwenye hofu.

Kwa nini mashahidi wawili

Sasa tuje kwenye wastani wa reli. Dow angeweza kutosheka na wastani mmoja, lakini uchumi wa Marekani wa wakati wake ulikuwa na sehemu mbili zilizotegemeana: viwanda vilivyotengeneza bidhaa, na reli zilizozisafirisha. Kama viwanda kweli vinauza zaidi, basi mabehewa yatajaa, na kampuni za reli zitapata faida. Kama hisa za viwanda zinapanda huku hisa za reli zinashuka, mmoja kati ya wawili hao anasema uongo. Labda viwanda vinajaza maghala tu bila wanunuzi.

Hapo ndipo kanuni ya uthibitisho ilipozaliwa. Kilele kipya cha wastani mmoja hakihesabiwi mpaka wastani wa pili nao uwe umepita kilele chake. Vivyo hivyo kwa bonde. Si lazima yatokee siku moja; mmoja unaweza kutangulia kwa wiki kadhaa. Wala haijalishi ni upi uliotangulia. Kinachotakiwa ni wote wawili wafike.

Hamilton aliitumia kanuni hii katika tahariri yake inayokumbukwa kuliko zote, iliyochapishwa tarehe 25 Oktoba 1929. Aliwaeleza wasomaji kwamba tarehe 23 Oktoba wastani wa reli ulikuwa umethibitisha dalili ya kushuka iliyotolewa na viwanda siku mbili kabla. Siku ya uthibitisho huo viwanda vilifungwa kwa 305.85. Ilipofika tarehe 29 Oktoba vilikuwa 230.07. Hamilton mwenyewe alifariki Desemba mwaka huohuo.

Tangu tarehe 2 Januari 1970 wastani wa reli umeitwa wastani wa usafirishaji, kwa sababu mizigo ilikuwa imehamia kwenye malori na ndege. Leo ndani yake zimo kampuni za reli, mashirika ya ndege, na wasafirishaji wa vifurushi kama FedEx na UPS. Viwanda navyo ni kampuni 30, idadi iliyowekwa mwaka 1928.

Daftari la mwaka 2007

Turudi kwenye kisa chetu na tukifuate kama aliyekuwa akiandika kila jioni.

Tarehe 19 Julai 2007 wastani wa viwanda ulifungwa juu ya 14,000 kwa mara ya kwanza katika historia, kwa 14,000.41. Siku hiyohiyo wastani wa usafirishaji ulifika 5,446.49, nao ukiwa kilele kipya. Mashahidi wote wawili wanasema jambo moja: maji yanajaa. Hakuna la kufanya ila kuandika vilele viwili.

Kisha soko likarudi nyuma kwa wiki nne. Viwanda vikashuka mpaka 12,845.78 tarehe 16 Agosti, upungufu wa asilimia 8 hivi. Usafirishaji nao ukashuka. Je, huu ni mwelekeo wa pili au mwanzo wa mwelekeo mkuu mpya? Jibu la kweli ni kwamba tarehe 16 Agosti hakuna anayejua, na nadharia haidai kujua. Inakuamuru kuandika mabonde mawili, moja la viwanda na moja la usafirishaji, na kusubiri. Sasa una vijiti vinne: vilele viwili juu, mabonde mawili chini.

Viwanda vikageuka na kupanda. Tarehe 9 Oktoba vilifungwa kwa 14,164.53, juu ya kilele cha Julai. Redio na magazeti yakasherehekea. Lakini mwenye daftari alitazama safu ya pili, akakuta usafirishaji haujarudi karibu na 5,446. Shahidi wa kwanza amesema ndiyo, wa pili amenyamaza. Hapa watu wengi hukosea. Kukosekana kwa uthibitisho si amri ya kuuza. Ni kama taa ya njano tu: inakuambia kwamba kilele hiki kipya hakijathibitishwa, basi usikitegemee. Taa nyekundu haiwaki mpaka mabonde yavunjwe.

Usafirishaji ulitangulia kuanguka chini ya bonde lake la Agosti. Bado haitoshi, kwa sababu ni shahidi mmoja. Viwanda vikafuata, na tarehe 21 Novemba vikafungwa kwa 12,799.04. Wote wawili sasa wako chini ya mabonde yao, na kwa kanuni mwelekeo mkuu umekuwa wa kushuka.

Angalia kilichotokea baada ya hapo, maana vitabu vingi hukiruka. Mtu aliyeuza tarehe 21 Novemba alijiona mjinga kwa wiki tatu. Ilipofika tarehe 10 Desemba viwanda vilikuwa vimepanda tena hadi 13,700 na ushei, yaani asilimia 7 juu ya bei aliyouzia. Ndugu na jirani walimcheka, bila shaka. Lakini 13,700 ni chini ya 14,164: wimbi lilikuja na halikukifikia kijiti. Lilikuwa ni mwelekeo wa pili ndani ya soko linaloshuka, na mtu aliyekuwa na namba zake nne hakuwa na sababu ya kununua upya.

Soko lilifika chini kabisa tarehe 9 Machi 2009, viwanda vikiwa 6,547.05. Kutoka bei ya taarifa mpaka hapo ni upungufu wa asilimia karibu 49.

Na lini maji yaligeuka tena? Ufuatao ni mpangilio uleule uliopinduliwa. Kutoka Machi viwanda vilipanda hadi 8,799.26 tarehe 12 Juni, kisha vikarudi nyuma hadi 8,146.52 tarehe 10 Julai. Pima marudio hayo: soko lilikuwa limepanda pointi 2,252, likarudisha 653, ambazo ni pungufu kidogo ya theluthi. Kipimo cha theluthi ni cha kukadiria, si cha mzani wa dhahabu, kwa hiyo wasomaji wengi waliyakubali. Bonde la Julai lilikuwa juu sana ya lile la Machi. Tarehe 23 Julai viwanda vikafungwa kwa 9,069.29, juu ya kilele cha Juni, na usafirishaji nao ukavuka kilele chake. Taarifa ya kununua ikawa imetolewa.

Sasa tuhesabu bila kujidanganya. Aliyeuza kwa 12,799 alikuwa tayari amepoteza karibu asilimia 10 ya bei ya kilele cha Oktoba. Aliyenunua kwa 9,069 alikuwa amekosa kupanda kwa asilimia 38 kutoka chini kabisa. Nadharia haikamati kilele wala shimo. Inakata kichwa na mkia na kukuachia kiwiliwili. Hata hivyo, fedha zilizotoka zikinunua vipande 100 vya soko zilirudi zikinunua 141. Hapo sijatoa ada ya dalali wala kodi, na sijahesabu gawio ambalo aliyebaki ndani aliendelea kulipokea.

Wimbi lililofanana na maji kujaa

Kisa cha 2007 kilikuwa safi. Ili usidhani mambo huwa hivyo daima, tazama majira ya baridi ya 1929 kuelekea 1930, ambapo mwelekeo wa pili ulivaa nguo za mwelekeo mkuu.

Viwanda vilikuwa vimefika kilele cha 381.17 tarehe 3 Septemba 1929. Baada ya maporomoko ya Oktoba na Novemba, vilifungwa kwa 198.69 tarehe 13 Novemba. Kwa wiki kumi tu soko lilikuwa limepoteza pointi 182. Kisha likaanza kupanda. Lilipanda Desemba, Januari, Februari, Machi. Tarehe 17 Aprili 1930 lilifungwa kwa 294.07. Mtu aliyenunua katikati ya Novemba alikuwa amepata faida ya asilimia 48 kwa miezi mitano, na kila aliyekutana naye alimwambia kwamba balaa limepita.

Pima kama tulivyopima. Soko lilishuka pointi 182 na kurudisha 95. Hiyo ni asilimia 52, katikati kabisa ya theluthi moja na theluthi mbili. Kwa kipimo cha urefu wa wimbi, kupanda huko kwa ajabu kulikuwa ni mwelekeo wa pili wa kawaida, mrefu kidogo kwa muda. Kilele cha 294 kilikuwa mbali chini ya 381. Waliokuja kulipanga soko lile kwa jicho la Dow waliuweka mwendo huo katika kundi la mielekeo ya pili, na sioni hoja ya kuwapinga. Lakini pia ni lazima nikiri kwamba kulipanga baadaye ni rahisi. Ndani ya miezi mitano ile mlikuwa na vilele vidogo na mabonde madogo ambayo mwenye haraka angeweza kuyachukua kuwa taarifa ya kununua. Hapo ndipo ubovu wa nadharia ulipo: kanuni ni wazi, lakini kuamua ni bonde lipi lina uzito wa kuandikwa ni kazi ya jicho la mtu. Wasomaji wawili waaminifu wanaweza kutoka na majibu mawili.

Soko lilishuka kutoka 294.07 mpaka 41.22 tarehe 8 Julai 1932. Viwanda havikufungwa tena juu ya kilele cha 1929 mpaka tarehe 23 Novemba 1954.

Inapokosea

Aliyeijaribu nadharia kwa hesabu kali kwa mara ya kwanza ni mchumi Alfred Cowles, ambaye matokeo yake yalitoka mwaka 1933. Alizipitia tahariri za Hamilton za miaka 26, akazitendea kana kwamba ni maagizo ya kununua na kuuza. Mara 90 Hamilton alipobadili msimamo, 45 zilileta faida na 45 hazikuleta. Mtu aliyemfuata angepata asilimia 12 kwa mwaka. Aliyenunua na kukaa kimya angepata asilimia 15.5. Pigo lilikuwa zito. Mwaka 1998 watafiti watatu, Brown, Goetzmann na Kumar, walizirudia tahariri zilezile na kuongeza swali moja ambalo Cowles hakulipa uzito: mfuasi wa Hamilton alijiweka kwenye hatari kiasi gani? Wakaona kwamba kwa kuwa nyakati fulani alikuwa nje ya soko, mitikisiko aliyoipata ilikuwa midogo kiasi kwamba, ukilinganisha faida na hatari, Hamilton hakuwa mbaya hata kidogo. Ninavyosoma mimi, hitimisho la tafiti hizo mbili ni moja: hii si njia ya kutajirika upesi, ni njia ya kukwepa balaa kubwa kwa kulipa ada ndogo ndogo nyingi.

Ada hizo hulipwa zaidi pale soko linapoyumba bila mwelekeo, likivunja bonde kidogo kisha kuvuka kilele kidogo. Kila mara unauza chini na kununua juu. Nyakati nyingine shahidi mmoja hunyamaza muda mrefu mno. Usafirishaji ulifika kilele cha 3,783.50 tarehe 12 Mei 1999 na haukukivuka, wakati viwanda viliendelea kupanda mpaka 11,722.98 tarehe 14 Januari 2000. Miezi minane ya kukosa uthibitisho. Onyo lilikuwa sahihi, kwani viwanda vilikuja kushuka hadi 7,286.27 Oktoba 2002, lakini aliyeona taa ya njano akaifanya nyekundu alikaa nje huku wenzake wakichuma.

Kuna hoja nyingine ninayoiona nzito zaidi. Dow aliweka reli kwa sababu bidhaa zilibebwa kwa reli. Leo sehemu kubwa ya thamani ya kampuni za Marekani ni programu za kompyuta na huduma ambazo hazipandi behewa. Usafirishaji unaweza kushuka kwa sababu mafuta ya ndege yamepanda bei tu. Shahidi wa pili bado anasema kweli, ila anaifahamu nusu tu ya kesi.

Nairobi na Dar es Salaam

Msomaji ataniuliza kama anaweza kuchukua daftari hili hadi kwenye soko letu. Anaweza kuchukua kijiti, lakini mashahidi ni taabu kuwapata.

Nairobi kuna fahirisi ya kampuni 20, NSE 20, na fahirisi ya kampuni zote, NASI, iliyoanza mwaka 2008. Wapo wanaozisoma zote mbili kana kwamba moja inaithibitisha nyingine. Tatizo ni kwamba kampuni zilizo katika ya kwanza zimo pia katika ya pili. Tena NASI hupimwa kwa thamani ya kampuni, kwa hiyo Safaricom peke yake inaweza kuivuta juu au chini. NASI ikipanda na NSE 20 ikilala, ulichojifunza ni habari za Safaricom. Dar es Salaam ni hivyo hivyo: fahirisi ya jumla, DSEI, ina kampuni zote pamoja na zile za Kenya zilizoorodheshwa pia huku, kama KCB na EABL, na fahirisi ya TSI ina kampuni za ndani pekee. Ya pili imo tumboni mwa ya kwanza. Shahidi aliyelala nyumba moja na mshitakiwa si shahidi wa pili.

Kinachokaribia wazo la Dow zaidi ni fahirisi za sekta. DSE hutoa moja ya viwanda na moja ya mabenki, na kampuni za mojawapo hazimo katika nyingine. Kiwanda kikiuza, mkopo wake unalipika; kisipouza, benki itaumia. Huo ni uhusiano wa kweli kama ule wa kiwanda na reli. Lakini hisa nyingi za Dar hukaa siku kadhaa bila kuuzwa hata moja, na bei ya kufungia inayochapishwa ni ya mauzo ya mwisho, huenda ya wiki iliyopita. Fahirisi iliyosimama palepale siku nne haijasema kwamba soko limetulia. Imesema hakuna aliyefika sokoni. Ukitaka kujaribu, tumia bei ya kufungia ya Ijumaa badala ya ya kila siku, andika karibu nayo wingi wa hisa zilizouzwa wiki hiyo, na usihesabu kilele wala bonde lililotengenezwa na muamala mmoja.

Anza na safu mbili za wastani wa viwanda na wa usafirishaji wa New York, ambazo mtandaoni hupatikana bure kila jioni chini ya alama DJI na DJT. Andika kwa mkono mwaka mmoja kabla ya kuweka shilingi, na usiufute ukurasa uliokosea.